Shanga za kiunoni za Kariakoo katika soko la mtandaoni

Shanga za kiunoni, ambazo baadhi ya watu wa pwani huziita chachandu, ni mistari ya shanga ndogo inayovaliwa na wanawake kiunoni au juu kidogo ya nyonga, mara nyingi chini ya nguo. Jijini Dar es Salaam malighafi yake hupatikana Kariakoo, katika maduka ya urembo na ya vifaa vya ushonaji yaliyo kwenye mitaa inayokatiza Mtaa wa Msimbazi. Makala hii inaeleza namna kazi hiyo inavyouzwa katika soko la mtandaoni la kazi za mikono, hasa Etsy, iliyoanzishwa New York mwaka 2005. Mambo matatu yanastahili kuelezwa kwa kina: lebo, maelezo ya malighafi na oda maalumu. Shanga za kiunoni ndizo zinazofaa zaidi kuwa mfano, kwa sababu karibu kila moja hutungwa kwa kipimo cha mtu fulani, na kosa la sentimita tatu hulifanya pambo zima lisivalike.

Kwanza ijulikane nani anaweza kufungua duka. Etsy hupokea wauzaji wapya kutoka nchi ambazo mfumo wake wa malipo unafanya kazi, na Tanzania haimo. Kwa hiyo fundi wa Kariakoo hafungui duka kwa jina lake akiwa Dar es Salaam. Njia halali ni duka kumilikiwa na mtu anayeishi katika nchi iliyomo, kwa mfano ndugu aliyeko Marekani au Uingereza anayebuni mitindo, naye fundi akatajwa wazi kwenye tangazo kuwa mshirika wa utengenezaji. Kumficha fundi na kudai kwamba kila kitu kimetungwa na mwenye duka ni kosa linaloweza kufungisha duka. Pia ni kumnyima fundi sifa yake. Asiye na ndugu wa namna hiyo huuza kwa Instagramu na Watsapu na kulipwa kwa M-Pesa. Huko pia kanuni za malighafi na vipimo ni zilezile, ila lebo ndizo hubadilika.

Lebo

Lebo ni maneno ambayo muuzaji huyaambatisha kwenye tangazo ili mtambo wa utafutaji ujue bidhaa hiyo ioneshwe kwa nani. Etsy huruhusu lebo 13 kwa kila bidhaa, na kila lebo isizidi herufi 20, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Tatizo la kuchagua jina linalouza si geni katika ukanda huu. Richard Burton, aliyesafiri na msafara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1857 na 1858, aliandika kwamba aina za shanga za biashara zilikuwa zikikaribia 400, baadhi zikiwa na majina kadhaa, na kwamba shanga iliyopendwa sehemu moja ilikataliwa sehemu nyingine. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa na mzigo mzito usioweza kununua hata chakula. Lebo mbaya ina hasara ya aina hiyo: bidhaa ipo, mnunuzi yupo, ila hawakutani.

Muuzaji anapaswa kuanza na swali moja: mnunuzi aliyeko Atlanta au London huandika nini anapotafuta kitu hiki? Haandiki jina la mtaa wa Kariakoo, wala neno chachandu. Kwa duka linalouza kwa Kiingereza, lebo kama hizi zinafaa:

```
waist beads
african waist beads
tie on waist beads
custom waist beads
plus size waistbeads
beaded body jewelry
```

Lebo ya tano inahitaji kuangaliwa. Ikiandikwa `plus size waist beads` inafika herufi 21 na haikubaliki. Maneno mawili ya mwisho yakiunganishwa inakuwa 20 kamili, na wanunuzi wengi huyaandika hivyo hivyo. Wauzaji wapya wakifika hapo hukata neno la mbele, wakabaki na lebo isiyomtambulisha mteja mwenye mwili mkubwa, ilhali huyo ndiye anayehangaika zaidi kupata saizi yake madukani.

Neno moja pekee, kama `beads`, ni lebo iliyopotea, kwa kuwa linashindana na mamilioni ya vitu na halisemi mnunuzi anataka nini. Rangi nayo haihitaji lebo. Muuzaji akishachagua nyekundu kwenye sehemu ya sifa za bidhaa, mtambo huihesabu kama lebo, na ndivyo ilivyo kwa kundi la bidhaa pia. Hakuna haja ya kurudia umoja na wingi, wala kuandika makosa ya tahajia kwa kudhani wapo watakaokosea. Nafasi zinazobaki ziende kwenye matumizi: namna ya kufunga, tukio la kuvalia, au zawadi ya nani.

Lebo inayovutia kuliko zote kwa muuzaji wa Dar es Salaam ni jina la Wamaasai, kwa sababu linatafutwa sana. Liandikwe tu pale ambapo kazi imetoka mikononi mwa Wamaasai. Kazi yao ina mpangilio wake wa rangi na maumbo yake, na Wamaasai wa Kenya na Tanzania wamekwisha kuunda asasi ya kudai haki juu ya matumizi ya jina lao kibiashara. Mistari iliyotungwa Kariakoo kwa mtindo wa pwani ina jina lake na historia yake, na inauzika kwa hilo.

Maelezo ya malighafi

Shanga ndogo huuzwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa shanga ni ndogo. Namba 11 ina upana wa takriban milimita 2, namba 8 takriban 3, na namba 6 takriban 4. Tangazo litaje namba na milimita zote mbili, kwa kuwa picha iliyopigwa karibu humfanya mnunuzi adhani shanga ni kubwa mara mbili.

Linalofuata ni kujua kama shanga ni kioo au plastiki. Pakiti nyingi hazina maandishi ya kutegemewa, kwa hiyo fundi ajihakikishie mwenyewe. Kioo ni baridi kikigusishwa shavuni, na ni kizito zaidi. Sindano iliyopashwa moto huyeyusha plastiki, lakini kioo hakiiachi iingie. Baada ya hapo ni rangi. Punje chache zilowekwe usiku kucha kwenye maji ya sabuni juu ya kitambaa cheupe, na nyingine zisuguliwe kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Shanga ambayo rangi yake ni kioo chenyewe haibadiliki. Iliyopakwa rangi kwa juu huacha doa kitambaani, na shanga hiyo haifai kiunoni, mahali ambapo jasho, mafuta na maji ya kuoga hupita kila siku.

Kwenye vifungo na vipande vya chuma ndiko maelezo ya uongo huingia, mara nyingi bila nia mbaya. Kipande cha rangi ya dhahabu kinachouzwa kwa pakiti kwa bei nafuu kwa kawaida ni chuma cha kawaida kilichochovywa. Kiandikwe hivyo: chuma kilichochovywa rangi ya dhahabu. Neno fedha litumike kwa fedha halisi tu, na namba 925 humaanisha sehemu 925 za fedha katika 1,000. Wauzaji pia hupenda kuandika kwamba pambo halina nikeli. Umoja wa Ulaya una kikomo cha kisheria cha nikeli inayotoka kwenye pambo linalogusa ngozi kwa muda mrefu, yaani mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na una vikomo vya risasi na kadimiamu pia. Muuzaji asiye na karatasi kutoka kwa mtengenezaji hana msingi wa kutoa dai hilo. Suluhisho zuri kwa shanga za kiunoni ni kuacha chuma kabisa na kutumia mtindo wa kufunga kwa uzi.

Baadhi ya vitu havifai kutumika hata kidogo. Pembe za ndovu na gamba la kasa ng'amba vimezuiwa katika biashara ya kimataifa, na kifurushi kitashikwa mpakani. Pembe ya ng'ombe inaruhusiwa, lakini iandikwe wazi ni ya ng'ombe, maana ofisa wa forodha akisoma neno pembe bila jina la mnyama ana sababu ya kukisimamisha.

Oda maalumu

Chukua oda ya namna hii. Mteja anataka mistari mitatu ya shanga namba 11, nyekundu na nyeupe, na anasema kiuno chake ni inchi 38. Fundi asianze kutunga. Aulize kwanza inchi hizo zimepimwa wapi, kitovuni au chini kwenye nyonga, kwa kuwa tofauti inaweza kufika inchi kadhaa kwa mtu mmoja. Aulize kama zilipimwa juu ya nguo. Mteja apitishe uzi mahali anapotaka mstari ukae, akiwa amesimama na bila kubana tumbo, kisha aunyooshe uzi juu ya rula.

Kipimo kikithibitika, hesabu ni rahisi. Inchi moja huchukua takriban shanga 18 za namba 11, kwa hiyo mstari mmoja wa inchi 38 unahitaji 684, na mitatu 2,052. Gramu moja ina shanga kama 110, hivyo zinahitajika gramu 19 hivi. Fundi anunue 25, kwa sababu kila pakiti ina punje zilizovunjika, zenye tundu lililoziba au nene kuliko nyingine.

Zinunuliwe zote siku moja, duka moja. Hili ndilo kosa linaloharibu oda nyingi: shehena mpya ikiingia, nyekundu huwa si ileile, na tofauti haionekani mpaka mistari ikae pamoja kwenye mwanga wa jua. Kwa sababu hiyo fundi makini hutunza kipande cha uzi chenye punje kumi za kila shehena, pamoja na jina la duka, na hampi mteja ahadi ya kufananisha na picha ya mwaka jana. Kabla ya kutunga, shanga zimwagwe kwenye sahani nyeupe, zipigwe picha mchana, na mteja akubali kwa maandishi.

Uzi wa pamba hunyonya maji na huoza mapema. Nailoni hudumu, ila fundo lake huteleza, kwa hiyo ncha hupitishwa haraka kwenye moto ziyeyuke kidogo. Kwa mtindo wa kufunga, uachwe uzi wa sentimita 20 kila upande.

Makubaliano ya bei, kipimo, rangi na siku za kazi yaandikwe ndani ya soko lenyewe, na malipo yapitie huko. Kumvuta mteja alipe nje ili kukwepa ada kunakatazwa. Ada zenyewe zijumlishwe kwenye bei tangu mwanzo. Kwa duka lililoko Marekani, tangazo ni senti 20 za dola, kamisheni tangu Aprili 2022 ni asilimia 6.5 ya bei pamoja na posta, na malipo hukatwa asilimia 3 na senti 25. Pambo la dola 25 lenye posta ya dola 12 linakatwa karibu dola 4.

Katika Umoja wa Ulaya, mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kurudisha bidhaa bila sababu, lakini haki hiyo haihusu kitu kilichotengenezwa kwa maelekezo yake mwenyewe. Kikiwa na kasoro, au kama kipimo si kile kilichokubaliwa, muuzaji bado anawajibika. Kwa Marekani, msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 ulisimamishwa tangu 29 Agosti 2025. Fundi anayetuma kifurushi kimoja kimoja kutoka Dar es Salaam amweleze mteja kabla hajalipa nani atabeba ushuru, la sivyo kifurushi hukataliwa mlangoni, na mistari iliyotungwa kwa kiuno cha inchi 38 ni vigumu kumpata mtu mwingine wa kuivaa.