Uchanganuzi wa Jumbe za Miamala

Neno «uchanganuzi» walimu wa sarufi wamelizoea tangu zamani, kwa kuwa ndilo wanalolitumia wanapoigawa sentensi katika kiima na kiarifu, kisha katika vipashio vilivyo vidogo zaidi, kila kimoja kikitajwa aina yake. Na kazi hiyohiyo ndiyo wataalamu wa kompyuta wanayoifanya wanapoyatwaa maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya jicho la mtu na kuyatenga sehemu kwa sehemu hata mashine iweze kuyahesabu. Uchanganuzi si uchambuzi, kwani mchambuzi hupima maana na thamani ya kauli, ilhali mchanganuzi hutafuta tu sehemu zake zilipoanzia na zilipokomea.

Tumchukulie mfanyabiashara wa mbao za msindano hapa Igowole, wilayani Mufindi, ambaye wanunuzi wake wako mbali na humlipa kwa simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na nyingine zikafuata, risiti ya malipo ya namna hii imekuwa ujumbe mfupi, nao aghalabu huwa na umbo kama hili:

```
Imethibitishwa. Umepokea Tsh185,000.00 kutoka kwa
MNUNUZI A tarehe 3/4/24 saa 3:45 PM.
Salio lako ni Tsh297,400.00
```

Anachokitaka ni lahajedwali, ambamo kila ujumbe unakaa katika safumlalo yake, na safuwima zikifuatana hivi: A ujumbe wenyewe, B tarehe, C kiasi, D mtumaji, E salio. Mtu asiye na hadhari huiamuru kompyuta itafute «Tsh» na kuchukua tarakimu zinazofuata. Lakini «Tsh» imo mara mbili, na kompyuta huishia kwenye ile ya kwanza, kwa hiyo safuwima ya salio itajaa malipo badala ya masalio. Dawa yake ni kuifunga kila tarakimu na neno linaloitangulia daima. Katika Google Sheets kiasi hupatikana hivi:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(REGEXEXTRACT(A2,
"Umepokea Tsh([\d,]+)"),",",""))
```

Kilichomo ndani ya mabano ya duara ndicho kinachotwaliwa. SUBSTITUTE huondoa mkato, na VALUE hugeuza maandishi kuwa namba inayojumlishika. Kwa salio hubadilishwa maneno ya mbele tu, yakawa «Salio lako ni Tsh».

Tarehe ina mtego wake. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Lakini jedwali lililowekwa kwa desturi ya Marekani huisoma 3/4/24 iliyoandikwa moja kwa moja katika kisanduku kuwa tarehe 4 Machi, wala halitoi onyo lolote. Dalili yake huonekana katikati ya mwezi: 13/4/24 haiwezi kusomeka, maadamu hakuna mwezi wa 13, basi hubaki kuwa maandishi na kujipanga upande wa kushoto wa kisanduku, ilhali tarehe zilizosomwa hujipanga kulia. Ukiona safuwima moja imegawanyika namna hiyo, zote za kulia nazo zitilie shaka. Njia iliyo salama ni kutenga siku, mwezi na mwaka mbalimbali, kisha kuviunganisha kwa DATE, ambayo hutaka mwaka kwanza: DATE(2024,4,3).

Wengi huichukulia safuwima ya salio kuwa pambo, kumbe ndiyo shahidi wa nyingine zote. Salio la awali likijumlishwa na kiasi kilichopokelewa sharti lilingane na salio jipya. Kwa hiyo katika safuwima ya F, mbele ya safumlalo ya tatu, huandikwa:

```
=E2+C3-E3
```

Jibu likiwa 0, hesabu imetimia. Sasa tuseme ujumbe unaofuata unasema amepokea 60,000 na salio lake ni 315,400. Kwa kuwa 297,400 na 60,000 ni 357,400, jibu litakuwa 42,000: fedha hizo zimetoka baina ya jumbe mbili bila kuandikwa, labda kwa kumlipa mwenye gari pamoja na ada ya kutuma, kwa ujumbe uliofutwa, au ulioanza na «Umetuma» na haukuingizwa katika jedwali kwa kuwa kanuni yetu haikufundishwa kuusoma. Shahidi huyu hasemi fedha zimekwenda wapi, bali huonyesha pengo liko baina ya safumlalo zipi, na mwenye mali akajua siku gani ya kuulizia.

Kampuni ya simu ikibadili maneno ya ujumbe wake, kanuni haitapata ilichozoea, na kisanduku kitaandika #N/A. Alama hiyo isifutwe kwa kujaza namba kwa mkono, kwa sababu kesho yake ujumbe mwingine wa sura ileile utakwama vilevile. Ufunguliwe ujumbe wenyewe katika safuwima ya A, litazamwe neno lililobadilika, kisha kanuni ya pili iongezwe kwa ajili yake, na ile ya kwanza iachwe izisome jumbe za zamani.