Maneno ya Msemaji na Maneno ya Mwandishi

Thomas Curson Hansard, aliyeshika uchapishaji wa majadiliano ya Bunge la Uingereza mwaka 1812, hakuwa na waandishi wake barazani. Habari zake alizikusanya hasa katika magazeti, na hotuba nyingi zilitolewa kwa kauli ya taarifa: Bwana fulani alisema kwamba yeye aliona hivi na hivi. Mambo hayo yaligeuka mwaka 1909, Bunge la Makabwela lilipoajiri waandishi wake lenyewe. Tangu hapo msemaji huandikwa kwa nafsi ya kwanza, marudio yake yakipunguzwa na makosa yaliyo dhahiri yakisahihishwa, lakini maana isiguswe.

Mtu atauliza, nafsi tu ina uzito gani? Katika Kiswahili ina uzito mkubwa kuliko katika Kiingereza. Tuchukue mfano wa kubuni. Shahidi barazani asema: "Nilimwambia Juma nitalipa, iwapo mavuno yatakuwa mema. Nayo mwaka huu ni mabaya." Mwandishi anayefupisha huandika: "Alisema kuwa alimwambia Juma kwamba angelipa iwapo mavuno yangekuwa mema, nayo mwaka ule yalikuwa mabaya." Sasa ni nani wa kulipa, shahidi au Juma? Kiambishi a- chawafaa wote wawili. Zaidi ya hayo, "mwaka huu" umekuwa "mwaka ule", na msomaji asiyeijua tarehe ya baraza hawezi kuutambua. Dawa ipo: kumtaja mtu kwa jina mahali pa kiambishi, na kuuandika mwaka wenyewe. Sentensi itakuwa nzito masikioni, lakini deni litabaki kwa mwenyewe.

Basi je, tunukuu daima? La. Mwandishi mwenye haraka aweza kunukuu hivi: "Nilimwambia Juma nitalipa." Kila neno ni la shahidi, hakuna lililobadilishwa, na alama za kunukuu zinashuhudia uaminifu wa mwandishi. Hata hivyo sharti limekatwa, na ahadi yenye masharti imekuwa ahadi kamili. Naona kosa hili ni baya kuliko lile la kwanza, kwa kuwa maneno yaliyogeuzwa humfanya msomaji awe na shaka kidogo, bali nukuu humtuliza. Njia ya kulitambua ni moja: kuirudia kumbukumbu nzima na kutazama msemaji mwenyewe aliishia wapi, kisha kutafuta kama "iwapo", "labda" au "ila" lilifuata.

Kwa hiyo mimi hunukuu palipo na ahadi, tishio, kukiri au neno linalobishaniwa, na nukuu huifikisha mpaka mwisho wa sharti lake. Safari, tarehe na mfuatano wa mambo huvieleza kwa maneno yangu. Shida iliyobaki ni ya shahidi aliyesema "walitutaka twende". Kutakwa huko kulikuwa kuombwa au kuamriwa? Nikiandika "waliamriwa" nimekwisha kuhukumu kesi. Nikinukuu, nimemwachia msomaji hukumu hiyo, naye hakuisikia sauti ya msemaji.