Josho la Manyani na Mtaro wa Hola

Kila ifikapo Machi 3, kuna makaburi ya watu 11 mjini Hola, kando ya Mto Tana, ambayo Wakenya wengi hatuyakumbuki. Vitabu vya shule huwataja marehemu hao kwa mstari mmoja: mahabusu wa Mau Mau waliopigwa mpaka kufa mwaka 1959. Mstari huo hauelezi walifikaje Hola wala kwa nini walikuwa wanapigwa. Jibu limo katika utaratibu wa kila siku wa kambi za magereza za wakati ule, na utaratibu huo kwa wengi ulianzia Manyani.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Aprili 24, 1954 jeshi liliizunguka Nairobi katika msako uliopewa jina la Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatiwa mbaroni bila kufikishwa mahakamani. Wengi walipakiwa kwenye garimoshi na kushushwa Manyani, katika nyika kavu ya Tsavo, kambi iliyokuja kubeba zaidi ya watu 10,000 kwa wakati mmoja.

Ugeni wa Manyani ulikuwa na hatua zake. Mahabusu alipita katikati ya safu mbili za askari wenye virungu, akavuliwa nguo zote, akapekuliwa, kisha akasukumwa ndani ya josho. Ndiyo, josho kama la ng'ombe: mfereji uliojaa maji ya dawa, na aliyesita pembeni alitumbukizwa kwa nguvu. Akitokea upande wa pili alipewa kaptura, blanketi mbili na bangili yenye namba, na tangu hapo aliitwa kwa namba hiyo. Wazee wenye wajukuu waliingia humo uchi mbele ya vijana wa rika la watoto wao. Kwa jamii inayolinda heshima ya rika, jeraha hilo lilikuwa la aina yake, na wengi walinyamaza nalo hadi kaburini.

Baada ya josho ilikuja rangi. Maofisa wa ukaguzi, mara nyingi wakisaidiwa na mashahidi waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, ambao watu waliwaita gakunia, walimpanga kila mtu katika fungu. Mweupe ni aliyeonekana hana hatia, naye alirudishwa kwao. Wa kijivu ni aliyekula kiapo cha Mau Mau lakini akaonekana anaweza kubadilika. Mweusi ni sugu. Baadaye rangi zikageuzwa herufi, Y kwa wa kijivu na Z kwa weusi, nazo zikagawanywa tena kwa namba. Fungu hilo ndilo lililoamua unalala ua gani na unapelekwa wapi. Serikali iliuita mpango mzima Bomba: mtu aingie upande mmoja akiwa mweusi, asogee kambi baada ya kambi akizidi kung'aa, hadi atokee kwenye kambi ya kazi karibu na kijiji chake. Njia ya kusogea mbele ilikuwa kukiri kiapo na kukubali kazi. Aliyekataa alirudishwa nyuma, au alipelekwa mbali kabisa, kama kisiwa cha Saiyusi katika Ziwa Victoria au jangwa la Lodwar.

Shahidi wetu mkubwa wa maisha hayo ni Josiah Mwangi Kariuki, J.M., kijana aliyekuwa ametoka kusoma Uganda, akakamatwa mwaka 1953 na kuzungushwa katika kambi 14 kwa miaka saba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1963. Katika simulizi yake, ndani ya nyaya za kambi mahabusu walijijengea utawala wao: walichagua viongozi, walijiwekea sheria za usafi na za kuamua ugomvi, na walifungua shule. Daftari hazikuwepo, hivyo waliosoma kidogo waliwafundisha wasiojua kwa kuchora herufi mavumbini kwa kijiti, kisha wakazifuta kwa kiganja na kuanza upya. Habari nazo zilikuwa na mizani yake. Iliyotoka kwenye gazeti lililoibwa au kwa askari mwenye redio iliitwa Manyani Taimsi, na watu waliiamini. Iliyorushwa kupitia nyaya kutoka ua wa jirani, bila uhakika, iliitwa Waya Taimsi.

Serikali nayo ilikuwa na shule yake, lakini kwa wachache. Vijana wadogo waliondolewa Manyani na kupelekwa Wamumu, wakapewa sare, masomo na ufundi. Geoffrey Griffin, mmoja wa waliohudumu huko, ndiye aliyekuja kuanzisha Starehe mwaka 1959.

Lakini kisa kizima kilikuwa kazi. Kumwaga ndoo za vyoo na kufagia ua ni shughuli ambazo kila mfungwa duniani anazijua. Zilizobishaniwa ni kazi za kuchimba mitaro, kubeba mawe na kufungua mashamba ya mpunga ya Mwea. Mahabusu sugu walisema: sisi si wafungwa, hakuna hakimu aliyetuhukumu, hatuwezi kulazimishwa. Hoja hiyo ilikuwa na mguu wa kusimamia, kwa kuwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 ulipiga vita kazi za shuruti. Serikali iliona vingine. Kwake, aliyeshika jembe alikuwa ameanza kutubu, na aliyelikataa alikuwa bado na kiapo moyoni. Jembe likawa kipimo cha rangi.

Mwanzoni mwa 1959 mahabusu waliobaki walikuwa wachache, wengi wao wakiwa Hola, ambako kulikuwa na mradi wa kumwagilia mashamba. John Cowan, ofisa mwandamizi wa magereza, aliandika mpango: wakataao watolewe kwa vikundi vidogo, wapelekwe shambani, wakigoma washikwe na kulazimishwa. Machi 3 mkuu wa kambi, Michael Sullivan, aliwatoa watu 85 kwa pamoja, wakizungukwa na askari wenye marungu. Waliamriwa kuchimba mtaro. Walipogoma, kipigo kilianza, kikasimama, kikaanza tena. Siku hiyo walikufa kumi. Wa kumi na moja alifuata.

Kesho yake tangazo rasmi lilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uongo huo haukudumu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha michubuko mingi na damu iliyovia ndani ya mwili, na hakimu aliyechunguza vifo alisema chanzo ni kipigo. Julai mwaka huo Enoch Powell, mhafidhina ambaye hakuwa rafiki wa Mau Mau, alisimama bungeni London na kusema kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha uadilifu nyumbani na kingine Afrika. Kambi zikaanza kufungwa, na Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa vifo vya Hola.

Yaliyofuata ni mafupi. J.M. aliuawa Machi 1975, katika Kenya huru. Marufuku ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru, na hilo ni aibu yetu, si ya Mwingereza. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Manyani bado ni gereza. Wazee waliopita katika josho lake wanazidi kupungua. Msomaji mwenye babu au bibi aliyepitia kambi zile, keti naye juma hili, muulize rangi yake ilikuwa ipi na namba yake ilikuwa ngapi, uandike.