Umbo la Kengele: Kutoka Makala ya Gabor hadi Simu ya GSM

Mwaka 1946, Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya British Thomson-Houston mjini Rugby, Uingereza, alichapisha makala kuhusu nadharia ya mawasiliano. Alitaka kujua ishara inaweza kubanwa kiasi gani katika muda na katika masafa kwa pamoja.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya zamani. Joseph Fourier, katika kitabu chake cha 1822 kuhusu joto, alionyesha namna ya kuigawa ishara katika mawimbi ya masafa mbalimbali. Mpigo wa mraba, unaowaka ghafla na kuzimika ghafla, ukigawanywa hivyo hutoa kilele kikuu na vilima vingi pembeni. Kilima cha kwanza hufikia karibu asilimia 22 ya kimo cha kilele hicho. Mpigo wenye umbo la kengele hauna vilima hivyo. Ukiwa e^(-πt²) katika muda, huwa e^(-πf²) katika masafa, yaani kengele ileile.

Sababu ni kwamba mteremko wa kengele hii kila mahali ni sawa na kimo chake mara -2πt. Hesabu ya Fourier hugeuza mteremko kuwa kuzidisha kwa masafa, na kuzidisha kwa muda kuwa mteremko. Sharti hilo likivuka upande wa pili hubaki lilelile, na umbo hubaki lilelile.

Upana ndio hubadilika. Kengele ikibanwa katika muda, hutanuka katika masafa. Kwa hesabu aliyoichukua kutoka fizikia ya kwanta, Gabor alionyesha kuwa zao la mitawanyiko hiyo miwili lina kikomo cha chini, na kengele pekee ndiyo inayokifikia. Ukipima kwa mkengeuko sanifu wa nishati, kikomo ni 1/(4π), karibu 0.08.

Mwaka 1981, wahandisi wa Japani, Murota na Hirade, walipendekeza kulainisha biti kwa chujio la kengele kabla hazijabadilisha masafa ya redio. GSM ikaichukua njia hiyo. Hutuma biti 270,833 kwa sekunde, kila moja ikichukua mikrosekunde 3.7, huku chaneli zikipishana kwa kilohezi 200. Chujio lina upana wa kilohezi 81, kwa hiyo mpigo wake, ukipimwa kwenye nusu ya kimo, una mikrosekunde 3.8: tayari umeigusa biti jirani.

Upana wa chujio ukipunguzwa nusu, mpigo hufunika biti mbili na mpokeaji huanza kuzichanganya. Ukiongezwa maradufu, biti hutengana vizuri lakini nishati humwagikia chaneli jirani. GSM ilikubali mchanganyiko kiasi, kisha ikaweka biti 26 zinazojulikana katikati ya kila kifurushi cha kawaida. Simu hulinganisha zilivyotumwa na zilivyofika, ndipo ikasahihisha nyingine.