Kuhamisha blogu bila kupotea Google: Kila anwani ya zamani ipewe mlango wake mpya

Blogu ikihamia domeni mpya, makala zinaweza kufika salama zote na wasomaji wakapotea hata hivyo. Sababu ni kwamba Google haikumbuki blogu kwa jina la mwenyewe. Inakumbuka anwani ya kila ukurasa, moja moja. Linki iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp miaka mitano iliyopita nayo ni hivyo hivyo: inaijua anwani ya zamani tu.

Kinachookoa hali ni ramani ya uelekezaji, yaani jedwali linaloonyesha kila anwani ya zamani na ukurasa mpya unaochukua nafasi yake. Jedwali hilo huandaliwa kabla ya kuhama, siyo baada ya wageni kuanza kukutana na ukurasa wa "404".

Chukua mfano wa blogu ya kubuni ya Chake Chake, Pemba. Inaandika habari za usafiri na utalii: boti za Unguja na Mkoani, msitu wa Ngezi, popo wa Kidike. Imekaa Blogger kwa miaka, ikitumia domeni yake yenyewe ya .com, na ina makala 180. Sasa mwenyewe anataka kuhamia WordPress na kutumia domeni ya .co.tz. Hapa domeni ya zamani itaitwa `zamani.example` na mpya `mpya.example`. Majina yanayoishia na `.example` yametengwa kwa mifano tu, hayauzwi.

Kwanza, kukusanya anwani zote

Orodha ya kuanzia ipo tayari. Blogger huweka anwani za makala kwenye `/sitemap.xml`. Lakini orodha hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu inaonyesha kilichopo, siyo kinachotembelewa.

Kwa hiyo mwenye blogu huingia Google Search Console na kupakua orodha ya kurasa zilizopata wasomaji kutoka Google kwa miezi 16, ambayo ndiyo kumbukumbu ndefu zaidi inayotunzwa humo. Kisha anafungua sehemu ya `Links` kuona ni kurasa zipi zimewekewa linki na tovuti nyingine. Orodha zote tatu zinaunganishwa kwenye jedwali moja, na zilizojirudia zinafutwa.

Kwenye blogu ya Chake Chake, kazi hii inaonyesha jambo moja wazi: makala chache za nauli na ratiba ya boti ndizo zinazoleta wasomaji wengi kuliko zote. Hizo ndizo za kushughulikiwa kwanza, na kukaguliwa mara mbili.

Pili, kuoanisha moja kwa moja

Anwani ya makala ya Blogger ina mwaka, mwezi, maneno ya kichwa cha habari na `.html` mwishoni. WordPress inaweza kupangwa itumie maneno ya kichwa peke yake. Hapo wengi huona njia ya mkato: waandike kanuni moja inayoondoa mwaka, mwezi na `.html`, kazi iishe.

Tatizo ni kwamba Blogger hukata vichwa virefu inapotengeneza anwani. Makala yenye kichwa "Nauli na ratiba ya boti kutoka Unguja kwenda Mkoani Pemba" inaweza kuishia hivi:

```
/2019/08/nauli-na-ratiba-ya-boti-kutoka-unguja.html
```

WordPress ikitengeneza anwani kutoka kichwa kile kile, inaandika chote mpaka neno `pemba`. Anwani mbili hizo hazilingani tena. WordPress hujaribu kukisia ukurasa unaokaribiana, lakini makala mbili zikianza kwa maneno yanayofanana, inaweza kumpeleka msomaji kwenye siyo. Kwa hiyo kila mstari wa jedwali unajazwa na mtu aliyeufungua ukurasa mpya na kuuona kwa macho.

Katika kujaza, kila ukurasa wa zamani huangukia kundi moja kati ya matatu. La kwanza ni makala zinazohama zilivyo. Hizo zinaelekezwa kwenye nakala zao. La pili ni makala zinazounganishwa. Blogu yetu ilikuwa na makala tatu za nauli ya boti, za 2018, 2019 na 2022, na sasa zinakuwa ukurasa mmoja unaosasishwa. Anwani zote tatu zinaelekezwa kwenye ukurasa huo, kila moja kwa njia yake. La tatu ni makala ambazo hazina mrithi, kama tangazo la mashindano ya resi za ngalawa yaliyopita zamani. Hizo zinaachwa zitoe 404.

Kosa kubwa hapa ni kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mbele ili 404 isionekane. Msomaji aliyetafuta nauli anakutana na habari za jumla, anarudi alikotoka. Google nayo ikiona kurasa nyingi zisizohusiana zinaelekezwa ukurasa wa mbele, huweza kuzihesabu kama 404 vilevile. Nafasi iliyokuwa nayo makala haihamii popote.

Tatu, kuweka uelekezaji kwenye seva

Domeni ya zamani sasa inatolewa Blogger na kuelekezwa kwenye hosti ambayo mwenye blogu anaweza kuweka kanuni zake. Kama hosti inatumia Apache, mistari huandikwa kwenye faili la `.htaccess`:

```
RewriteEngine On
RewriteRule ^2018/06/nauli-ya-boti\.html$ https://mpya.example/boti-unguja-mkoani/ [R=301,L,QSD]
RewriteRule ^2021/03/popo-wa-kidike\.html$ https://mpya.example/popo-wa-kidike/ [R=301,L,QSD]
```

Namba 301 inasema ukurasa umehama moja kwa moja. Ikiandikwa 302, maana yake umehama kwa muda, na Google inaweza kuendelea kuishikilia anwani ya zamani. `QSD` inaondoa vijimkia vya mwisho wa anwani. Hii ina umuhimu kwa sababu Blogger huongeza `?m=1` kwa wanaosoma kwenye simu, na linki nyingi zilizozagaa WhatsApp zina mkia huo.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza ni `www`. Blogu nyingi za Blogger zenye domeni zao hutumia `www`, hivyo uelekezaji lazima ufanye kazi ikiwepo na isipokuwepo. La pili ni cheti cha usalama. Linki ya zamani ikianza na `https` na domeni ya zamani haina cheti hai, simu itaonyesha onyo jekundu kabla hata uelekezaji haujaanza. Cheti cha domeni ya zamani kinahitaji kuhuishwa kama cha mpya.

Je, kama blogu iko kwenye blogspot.com?

Hapo kuna kikomo. Seva ni ya Google, na mwenye blogu hawezi kuweka 301 yake kuelekea domeni nyingine. Sehemu ya `Custom redirects` ndani ya Blogger inaelekeza kurasa za blogu hiyo hiyo tu. Wengine husajili domeni mpya ndani ya Blogger, kisha wakaihamishia WordPress. Lakini domeni isipokuwa tena chini ya Blogger, msomaji anaweza kuonyeshwa ukurasa wa onyo unaomuuliza kama kweli anataka kuendelea.

Njia inayobaki ni kuweka mstari huu kwenye sehemu ya `head` ya kiolezo cha blogu:

```
<script>
location.replace("https://mpya.example" + location.pathname);
</script>
```

Unampeleka msomaji domeni mpya akiwa na anwani ile ile ya zamani, halafu jedwali lililo kwenye seva mpya linamalizia kazi. Google inaweza kuufuata, ila si njia ya uhakika kama 301 ya seva. Blogu ya zamani isifutwe, maana ikifutwa na mstari huo unaondoka nayo.

Nne, kujaribu kabla ya kutangaza

Mwenye kompyuta anaweza kupima anwani bila kufungua kivinjari:

```
curl -I "https://www.zamani.example/2018/06/nauli-ya-boti.html?m=1"
```

Jibu zuri lina namba 301, na mstari wa `location` unaotaja ukurasa mpya kamili. Ukipimwa huo mpya, unatakiwa utoe 200. Ukitoa 301 nyingine, kuna mnyororo: msomaji anarushwa kituo hadi kituo, na kwa mtandao wa simu ulio dhaifu kila kituo kinaongeza kusubiri. Mistari inarekebishwa ili kila anwani ifike kwa hatua moja.

Kingine cha kuangalia ni mpangilio wa WordPress uitwao `Discourage search engines from indexing this site`. Huwashwa wakati tovuti inajengwa, na ukisahaulika, blogu mpya haitaonekana Google hata ramani ikiwa safi. Faili la `robots.txt` la domeni ya zamani nalo lisizuie Google, kwani ikizuiwa haitauona uelekezaji.

Siku ya kuhama pia ina uzito. Kwa blogu ya safari za boti, wiki ya kuelekea Idi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanatafuta usafiri wa kurudi Pemba.

Baada ya kuhama

Ndani ya Search Console, domeni zote mbili zikishathibitishwa, mwenye blogu hutumia `Change of Address` kuijulisha Google, kisha anawasilisha `sitemap.xml` mpya. Linki za ndani ya makala zinabadilishwa zitaje anwani mpya moja kwa moja.

Kwa wiki kadhaa nafasi hupanda na kushuka. Dalili nzuri ni kuona mibofyo ya domeni ya zamani ikipungua huku ya mpya ikipanda kwa kiasi kinachokaribiana. Ya zamani ikipungua na mpya isipande, kuna mistari inayokosekana. Orodha ya `Not found (404)` huonyesha ni ipi, nayo inaongezwa kwenye jedwali siku hiyo hiyo. Kubadilisha maandishi ya makala wakati huo huo kunavuruga uchunguzi: nafasi ikishuka, haijulikani kilichoishusha ni kuhama au maandishi mapya.

Google inashauri uelekezaji ubaki angalau mwaka mmoja. Kwa wasomaji wanaofungua linki za zamani, muda mrefu zaidi ni bora, na hiyo ina maana ya kuendelea kulipia domeni mbili. Domeni ya zamani ikiachwa, mtu mwingine anaweza kuinunua na kuijaza matangazo ya kamari. Hapo kila linki ya boti iliyobaki kwenye simu za watu itakuwa inampelekea yeye wageni.