Barua pepe ya kukumbusha deni: salamu, heshima na unyoofu wa kauli

Barua pepe ya kukumbusha deni ni ujumbe ambao muuzaji humwandikia mteja aliyepitisha muda wa kulipa. Ndani yake vitu vitatu hubadilika kulingana na mpokeaji: salamu, kiwango cha urasmi na unyoofu wa kauli. Vitu vingine vitatu havibadiliki kamwe: namba ya ankara, kiasi kinachodaiwa na tarehe. Makosa mengi hutokana na kuchanganya makundi haya mawili, mwandishi anapoilegeza tarehe kwa kudhani kuwa anaonyesha heshima.

Kanuni inayosaidia ni hii: cheo cha mpokeaji huongoza salamu na anwani, ilhali uhusiano huongoza unyoofu. Mtu mwenye cheo kikubwa si lazima aandikiwe kwa kuzungukazunguka, na mtu aliyezoeleka si lazima aandikiwe bila heshima.

Mfano mmoja, wapokeaji watatu

Tuchukue kampuni ya uchapaji ya Dar es Salaam iliyochapa vitabu vya stakabadhi. Ankara Na. 118 ya shilingi 2,400,000 ilitolewa tarehe 3 Machi, kwa masharti ya kulipwa ndani ya siku 30. Muda uliisha tarehe 2 Aprili. Leo ni tarehe 9 Aprili na fedha hazijaingia.

Mpokeaji wa kwanza ni mhasibu wa kampuni ya mteja, wa rika moja na mwandishi, ambaye wamefanya kazi pamoja kwa miaka kadhaa. Tuseme anaitwa Asha.

> Dada Asha, habari za kazi?
> Ankara Na. 118 ya shilingi 2,400,000 bado haijalipwa. Siku 30 zilitimia tarehe 2 Aprili. Naomba uifuatilie ilipwe kabla ya tarehe 16. Ukikwama mahali, nipigie simu.

Salamu ni fupi, na kauli inakwenda moja kwa moja. Mazoea ndiyo yanayoruhusu ufupi huo. Hata hivyo, ombi linabaki katika umbo la *naomba u-*, si *nataka u-*, kwani *nataka* humweka mwandishi mahali pa mkubwa anayeamrisha.

Mpokeaji wa pili ni meneja wa fedha ambaye mwandishi hajapata kumwona wala kuzungumza naye.

> Ndugu Meneja wa Fedha,
> Yah: Ankara Na. 118 ya tarehe 3 Machi
> Tafadhali rejea ankara iliyotajwa hapo juu, ya shilingi 2,400,000. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa muda wa malipo uliisha tarehe 2 Aprili na malipo hayajapokelewa. Tunaomba yafanyike ifikapo tarehe 16 Aprili. Iwapo yamekwisha kufanyika, tunaomba kutumiwa nakala ya hati ya malipo.

Hapa *mimi* na *wewe* wametoweka. Anayeomba ni kampuni (*tunaomba*), na kauli ya kutendwa (*malipo hayajapokelewa*) inalieleza deni bila kumnyooshea mtu kidole. Linganisha na *hujatulipa*, ambayo humfanya meneja aonekane kuwa yeye binafsi ndiye mdaiwa. Pale ambapo nafsi ya pili haiepukiki, wingi hufaa zaidi: *ofisi yenu*, *mtakapokuwa mmelipa*. Wingi huo huliweka deni kwenye taasisi.

Mpokeaji wa tatu ni mkurugenzi, mkubwa kwa cheo, ambaye mwandishi anamfahamu vizuri. Anaandikiwa kwa sababu idara yake imeulizwa na haikujibu.

> Ndugu Mkurugenzi,
> Natumaini hujambo na kazi zinaendelea vyema. Samahani kukusumbua kwa jambo ambalo kwa kawaida hushughulikiwa na idara ya uhasibu. Ankara Na. 118 ya shilingi 2,400,000 ilitakiwa kulipwa tarehe 2 Aprili, nasi tumeiulizia bila kupata majibu. Ningeshukuru kama ungewaelekeza wahusika ili ilipwe ifikapo tarehe 16 Aprili.

Umbo la *-nge-* limetumika hapa tu, na mahali lilipowekwa ndipo penye uzito. Linalainisha ombi la msaada (*ungewaelekeza*), ambalo mkurugenzi ana hiari ya kulikubali au kulikataa. Halilainishi deni. *Ningeshukuru kama mngelipa* lingeyageuza malipo kuwa hisani, wakati ni wajibu uliokwisha kukubaliwa.

Salamu na anwani zinazoteleza

*Shikamoo.* Wawili hawa wakikutana ana kwa ana, huenda mwandishi akamwamkia mkurugenzi hivyo. Katika barua ya madai haifai, kwa sababu mbili. Salamu hii hufuata umri zaidi kuliko cheo, na mkurugenzi anaweza kuwa mdogo kwa miaka kuliko mwandishi. Pia inadai jibu la *marahaba*, ilhali barua yenyewe huenda ikapelekwa kwa wahasibu ambao hawakuamkiwa.

*Ndugu.* Katika maandishi rasmi ya Tanzania neno hili humfaa mwanamume na mwanamke, liwe na jina au cheo. Kwa mpokeaji wa Kenya, *Bw.* au *Bi.* pamoja na jina la ukoo ni salama zaidi. Vivyo hivyo, kichwa cha barua kinachoandikwa *Yah:* Tanzania huandikwa *Kuh:* au *Mint:* Kenya.

*Bibi.* Kifupisho *Bi.* hufaa kwa mwanamke yeyote. Likiandikwa kwa ukamilifu, msomaji wa Tanzania anaweza kulisoma kwa maana ya nyanya.

*Mheshimiwa.* Huandikiwa mbunge, waziri, jaji na viongozi wa aina hiyo. Meneja wa kampuni akiitwa hivyo, anaweza kudhani anabembelezwa au anadhihakiwa.

*Mpendwa.* Limezoeleka katika *Mpendwa mteja*, yaani tangazo linalotumwa kwa wengi. Mtu mmoja mwenye cheo akiandikiwa hivyo, hujiona kama ameandikiwa waraka wa jumla.

Kauli zinazoonekana za adabu lakini zinaharibu

*Huenda umesahau* inakusudiwa kumpa mtu udhuru, lakini inamtuhumu kwa uzembe. *Kumbukumbu zetu zinaonyesha* inaacha nafasi ya kosa kuwa upande wowote.

*Haraka iwezekanavyo* ina pande mbili mbaya: kwa mkubwa husikika kama amri, na kwa mhasibu haina tarehe ya kuiandika kwenye ratiba. *Ifikapo tarehe 16 Aprili* ina upole zaidi na ina uhakika zaidi.

Barua ya pili

Tarehe 16 ikipita bila malipo, barua inayofuata haihitaji maneno makali. Urasmi wenyewe huongezwa. Hata Asha ataandikiwa *Ndugu Mhasibu*, kwa kichwa cha *Yah:* na nafsi ya *tuna-*, na mwishoni *Nakala kwa: Meneja wa Fedha*. Nakala hiyo ni kauli nzito kuliko sentensi yoyote iliyo juu yake, kwa hiyo isitumike katika barua ya kwanza.

Kwa mfasiri, badiliko hilo ni sehemu ya maana. Barua mbili za mtu yuleyule kwa mtu yuleyule, ya kwanza ikiwa na *Dada Asha* na ya pili *Ndugu Mhasibu*, zisifasiriwe kwa anwani moja. Anayesoma tafsiri aweze kuona kwamba kati ya barua hizo mbili subira imepungua.