Mshahara wa mkononi na hesabu ya kuupata mshahara ghafi

Mwombaji wa kazi katika wilaya za Temeke au Kinondoni, jijini Dar es Salaam, anapoulizwa anataka mshahara kiasi gani, aghalabu hutaja fedha anayotaka kuipokea mkononi. Hiyo ndiyo itakayolipa pango, nauli na ada za watoto. Mkataba, hata hivyo, huandikwa kwa mshahara ghafi, yaani ule ambao haujakatwa kitu. Pande mbili zikikubaliana Sh800,000 mkononi, ni lazima mtu arudi nyuma kwa hesabu ili kuupata mshahara ghafi utakaoacha kiasi hicho.

Wengi hukosea kwa kuyakokotoa makato juu ya zile Sh800,000 na kisha kuyaongeza. Asilimia 10 ya mfuko wa NSSF ni Sh80,000, na kodi ya Sh720,000 zinazobaki ni Sh60,000. Jumla yake ni Sh140,000, hivyo mkataba unaandikwa Sh940,000. Mwisho wa mwezi mfanyakazi anapokea Sh756,500. Zimepungua Sh43,500, kwa sababu nyongeza iliyowekwa kufidia makato nayo imekatwa NSSF na kodi.

Njia sahihi huanzia kwenye ngazi za kodi ya mapato ya ajira, PAYE, zilizowekwa kwa Tanzania Bara mwaka 2021. Kodi hiyo hukokotolewa baada ya mchango wa mfanyakazi wa NSSF kuondolewa. Sh270,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi Sh520,000 hutozwa asilimia 8, hadi Sh760,000 asilimia 20, hadi Sh1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30.

Hatua ya kwanza ni kujua kila ngazi inamwachia mfanyakazi kiasi gani inapofika ukingoni. Mwenye kipato cha kutozwa kodi cha Sh520,000 hubaki na Sh500,000. Mwenye Sh760,000 hubaki na Sh692,000. Na mwenye Sh1,000,000 hubaki na Sh872,000. Kwa kuwa Sh800,000 ziko kati ya hizo mbili za mwisho, ngazi inayohusika ni ya asilimia 25.

Sh800,000 zinazidi Sh692,000 kwa Sh108,000. Katika ngazi hii kila shilingi huacha senti 75, hivyo Sh108,000 zikigawanywa kwa 0.75 hupatikana Sh144,000. Zikijumlishwa na Sh760,000, kipato cha kutozwa kodi kinakuwa Sh904,000. Hicho ni asilimia 90 ya mshahara ghafi. Kikigawanywa kwa 0.9, jibu ni Sh1,004,444.

Ni vyema kulihakiki jibu kwa kushuka nalo. NSSF ni Sh100,444, zinabaki Sh904,000. Kodi ni Sh68,000 za ngazi za chini na Sh36,000 za ngazi ya juu, jumla Sh104,000. Zinabaki Sh800,000 kamili. Hapa pana mtego: mshahara ghafi umevuka milioni moja, na mwenye haraka ataiendea ngazi ya asilimia 30, ilhali kinachopimwa na kodi hakijafika huko.

Hesabu hii inachukulia kwamba mwajiri na mfanyakazi wanachangia NSSF asilimia 10 kila mmoja. Iwapo mwajiri amekubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya asilimia 20 zinazotakiwa, kigawanyo cha 0.9 hubadilika.

Mgogoro mkubwa zaidi huletwa na deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Makato yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hayapunguzi kodi. Ikiwa mshahara wote ghafi wa Sh1,004,444 ni wa msingi, mdaiwa hukatwa Sh150,667 na kubakiwa na Sh649,333. Mwajiri akitakiwa kuhakikisha kwamba Sh800,000 zinabaki hata baada ya deni, mshahara ghafi lazima upande hadi Sh1,308,333, na safari hii ngazi ya asilimia 30 inaguswa kweli. Mwajiri aliyekuwa na Sh1,004,444 akilini hawezi kulichukulia hilo kuwa jambo dogo. Kwa hiyo neno "mkononi" linapaswa kufafanuliwa kabla ya kutia saini: ni baada ya NSSF na kodi tu, au baada ya mkopo pia?

Namna mkataba ulivyoandikwa huamua pia nani anaguswa sheria ikibadilika. Mwaka 2021 ngazi ya kwanza ilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8, na kila aliyekuwa na kipato cha kutozwa kodi cha Sh520,000 au zaidi akapunguziwa Sh2,500 kwa mwezi. Mwenye mkataba wa mshahara ghafi alizipata mwenyewe. Kwa aliyeahidiwa kiasi maalumu mkononi, nafuu hiyo ilimwendea mwajiri.